«Umesikia?» Namna ya kuagiza kazi na kujua kama imefahamika kweli

Katika kila misioni kuna neno moja linalosemwa kila asubuhi wakati wa kugawanya kazi: «Umesikia?» Nalo jibu ni moja siku zote: «Ndiyo, padri.» Mkubwa huenda zake na moyo umetulia. Saa chache baadaye anakuta kazi imefanywa kinyume, naye hukasirika: «Lakini uliniambia umesikia!» Mtu yule hakusema uongo. Alisikia.

Tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha Kongo, mtu anasikia kengele kwa masikio. Mtu anasikia Kifaransa, maana yake anakifahamu. Tena mtoto asiyesikia ni mtoto asiyetii. Basi ukimwuliza mfanyakazi «Umesikia?», umemtolea maswali matatu kwa neno moja, naye ana haki ya kujibu lile lililo rahisi, kwamba sauti yako imefika masikioni, au lile la heshima, kwamba yuko tayari kutii. Lile ulilolitaka wewe, yaani kama kazi uliyo nayo kichwani mwako imeingia vilevile kichwani mwake, halikujibiwa, kwa sababu hukuliuliza.

Tunataka kulieleza jambo hili kwa kazi moja tu, kazi ndogo inayofanyika kila siku, lakini ikikosewa inaleta hasara: kutayarisha maji ya klore katika dispanseri. Mapadri wengi na wakatekista wengi wana dispanseri chini ya ulinzi wao, hata kama wao si waganga. Na tuweke dispanseri yetu Iga Barrière, kaskazini mwa Bunia, juu ya barabara ya kwenda Djugu na Mahagi. Watu wa mfano huu ni wa kubuni, lakini hesabu za dawa ni za kweli, na makosa yao ni yale yanayotokea mahali pengi.

Kwa nini Iga Barrière? Kwa sababu tangu dhahabu ilipovumbuliwa upande wa Kilo mwaka 1903, watu wa lugha nyingi wamekuja kutafuta kazi katika vilima hivi, na wengine wamefika baadaye kwa kukimbia vita. Kilendu, Kialur, Kinyali na Kibira si lugha za jamaa moja zinazofanana kama Kihema na Kinyoro. Mtu wa Kilendu na mtu wa Kialur hawawezi kubahatisha maneno ya mwenzake. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini si wote wanacho kwa kipimo kimoja. Mmoja alikipata shuleni, mwingine sokoni, mwingine machimboni. Na aliyetoka upande wa Watsa mara nyingi ana Lingala kuliko Kiswahili.

Hapa tuonye jambo moja. Usipime lugha ya mtu kwa jina la kabila lake. Wahema wengi wa Djugu lugha yao ya nyumbani ni Kilendu, wala hawajui Kihema. Anayemtafutia mtu kama huyo mkalimani wa Kihema amefanya kazi bure, na labda amemwumiza pia. Mwulize mwenyewe: «Nyumbani mnasema lugha gani? Kazi hii unapenda nikueleze kwa lugha gani?» Ni maneno machache, na hayana aibu ndani yake.

Sasa kazi yenyewe. Klore ya unga, ile inayokuja katika pipa la plastiki lenye herufi HTH na hesabu 70 kwa mia, inatumika kwa nguvu mbili. Maji ya kunawa mikono yanakuwa na klore 0,05 kwa mia. Maji ya kusafisha sakafu, vitanda na mahali palipochafuliwa na damu au matapishi yanakuwa na 0,5 kwa mia, yaani mara kumi zaidi. Kwa bido ya litri 20, maji ya mikono yanataka kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa, karibu gramu 15. Maji ya sakafu yanataka vijiko kumi. Maji hutangulia, unga hufuata. Unakoroga kwa mti, unafunika, unangoja nusu saa, ndipo unatumia. Kesho yake unamwaga yaliyobaki na kutengeneza mengine, kwa sababu nguvu yake inapungua.

Ukigeuza bido hizo mbili, umepata hasara mara mbili. Maji makali yakiwa mahali pa kunawa, mikono ya watu inawasha, ngozi inapasuka, na baada ya siku tatu watu wanapita pembeni ya bido bila kunawa kabisa. Maji dhaifu yakimwagwa penye damu, sakafu inanuka klore, kila mtu anaridhika na harufu, lakini vijidudu havikufa. Wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu 3.470 walishikwa na 2.287 walikufa. Katika siku zile bido hizi mbili zilisimama kwenye milango ya dispanseri nyingi, na kipindupindu kinapotokea zinarudi tena.

Tuseme padri wetu wa Iga Barrière ana wafanyakazi wanne. Wa kwanza ni mwuguzi, aliyesoma kwa Kifaransa. Wa pili ni sentineli, Mualur, anasoma polepole. Wa tatu ni mama wa usafi. Lugha yake ni Kilendu, Kiswahili chake ni cha soko, na hakwenda shuleni. Wa nne ni kijana wa kuteka maji, aliyetoka Watsa na Lingala yake. Padri anawakusanya barazani na kusema: «Kila asubuhi mtatayarisha klore, sifuri koma tano ya nyumba, sifuri koma sifuri tano ya mikono, msizidishe dawa, mngoje kidogo, na ya jana msiitumie. Mmesikia?» Wote: «Ndiyo, padri.» Kisha anabandika karatasi ukutani.

Juma moja baadaye anakuta mambo gani? Sentineli ametia dawa nyingi katika bido ya mikono. Alisoma hesabu mbili juu ya karatasi, akaona kwamba 0,05 ni ndefu kuliko 0,5, akafikiri hesabu ndefu ndiyo kubwa. Anajua tarakimu, lakini hajui koma. Mama wa usafi alishika neno «msizidishe», akaogopa, akatia kijiko kimoja kila mahali. Kijana alingoja «kidogo», yaani kadiri ya kuvuta pumzi tatu. Naye mwuguzi, aliyefahamu yote, hakuangalia lolote, maana padri alikuwa ameagiza wote, na kazi iliyoagizwa wote alidhani haikuagizwa yeye.

Katika watu hao wanne hakuna mvivu. Kila mmoja alifanya alivyofahamu, na maneno ya padri yaliacha nafasi ya kufahamu hivyo. Tuyarudie pamoja naye, neno kwa neno.

Kwanza, hesabu zenye koma zitoke. Hizo ni za kitabu cha mwuguzi. Mbele ya wafanyakazi bido moja iitwe «maji ya mikono», nyingine «maji ya chini», na watu wote wa dispanseri watumie majina hayohayo siku zote, hata mwuguzi, hata padri. Leo usiseme «maji makali», kesho «klore ya nyumba», kesho kutwa «zero virgule cinq». Kwa mtu anayejifunza kazi katika lugha isiyo yake, kila jina jipya ni kitu kipya. Vijiko navyo vihesabiwe kwa vidole: kidole kimoja kwa mikono, vidole vyote kumi kwa chini. Tena vidole havina lugha.

Pili, «kidogo» na «usizidishe» zitoke. Maneno haya yana kipimo katika akili ya msemaji tu. «Ngoja nusu saa» ni afadhali, lakini je, saa iko wapi? Na hapa Ituri saa yenyewe ni mtego. Mtu wa Kiswahili akisema saa mbili ya asubuhi, mtu wa Lingala na wa Kifaransa huiita saa nane. Ukimwagiza kijana wetu kwamba maji yawe tayari «saa mbili», huenda akahesabu kwa mpango wa Lingala na kuona kwamba saa mbili ya asubuhi bado ni usiku wa manane, au kwamba unasema habari ya mchana. Basi ifungwe na kazi nyingine inayojulikana: «Tengeneza maji kwanza, ukishayafunika, fagia kiwanja chote. Kufagia kukiisha, maji yako tayari.» Bila shaka mtaangalia kwanza kwa saa kama kiwanja kile kinafagiwa kwa nusu saa kweli. Kama kinafagiwa kwa robo saa, tafuteni kazi nyingine.

Tatu, makatazo yageuzwe kuwa matendo. «Ya jana msiitumie» haionyeshi la kufanya. «Kila asubuhi, kabla ya yote, mwaga ya jana katika shimo la maji machafu, suuza bido» inaonyesha. Katazo moja tu ndilo la lazima kubaki: klore isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, maana inaweza kutoa hewa inayochoma mapafu. Katazo likiwa moja, linakumbukwa. Yakiwa saba, yanafanana yote.

Sasa kufundisha. Katika vita kuu ya pili, Wamarekani walipaswa kufundisha upesi watu wengi wasiojua kazi ya viwanda, tangu mwaka 1940 mpaka 1945. Walitengeneza mpango wa hatua nne ambao unatumika hata leo: kumtayarisha mtu, kumwonyesha kazi, kumfanyisha mwenyewe, kisha kumfuata baadaye. Mpango wenyewe ni mwepesi. Ugumu wake uko katika hatua ya tatu, kwa sababu mkubwa ana haraka, anaonyesha vizuri, halafu anaenda zake. Kuona mtu akifanya si kujua kufanya. Wengi wetu tumemwona mama akipika ugali miaka mingi, na ugali wetu bado una madonge.

Padri wetu basi anawaita mmoja mmoja, kwanza mama wa usafi. Mmoja mmoja, kwa sababu mbele ya wenzake hakuna mtu mzima atakayekiri kwamba hakufahamu, tena mbele ya padri. Hamwulizi kama anajua kusoma. Anafanya kazi yote mara moja bila kusema neno, polepole, ili macho yatangulie. Anaifanya mara ya pili akisema maneno machache kwa kila tendo. Kisha anampa kijiko na kunyamaza.

Kunyamaza huku ndiko kugumu. Mama akichukua kijiko kilichojaa mpaka juu kama kichuguu, mkono wa padri unataka kumzuia. Afadhali amwache amalize, kisha aulize: «Kijiko hiki na kile changu, vinafanana?» Hapo ndipo padri anagundua kwamba yeye mwenyewe alisawazisha kwa kisu bila kusema neno juu ya kisu. Kijiko chenye kichuguu kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Jambo ambalo mwalimu hulifanya kwa mazoea ndilo analosahau kulitaja, na ni kwa kumwangalia mwanafunzi tu kwamba anajua amelisahau. Tangu siku ile kisu cha mti kimefungwa kwa kamba pamoja na kijiko ndani ya pipa.

Baada ya mikono, maneno. Wakatekista wanajua vizuri tofauti hii: mtoto anaweza kukariri jibu lote la katekisimu bila kosa, na ukibadili swali kidogo ananyamaza. Vilevile mfanyakazi. Akirudia «kijiko kimoja mikono, vijiko kumi chini», amerudia sauti yako. Basi padri asiseme «Rudia nilivyosema.» Aseme hivi: «Mama, nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Kesho ndugu yako akija kukusaidia kazi, utamwambia nini?» Lawama, kama ipo, ni ya mwelezaji, na mama hana cha kuogopa. Tena anamwacha aeleze kwa Kilendu, mbele ya mtu mwingine anayekijua, kisha huyo anasema kwa Kiswahili alichosikia kwa mama.

Halafu maswali ambayo hayakufundishwa. Haya ndiyo kipimo chenyewe, nayo matatu yanatosha. «Leo maji ni haba, una nusu bido tu ya maji ya chini. Vijiko vingapi?» Akijibu kumi, anajua hesabu lakini hajui maana yake. Akijibu vitano, amefahamu kwamba dawa inafuata maji. «Mgonjwa ametapika hapa mlangoni. Unachukua bido ipi, na unafanya nini kwanza?» Jibu ni kwamba kwanza anafuta uchafu kwa kitambaa cha kutupwa, akiwa amevaa glavu, kisha anamwaga maji ya chini na kungoja dakika kumi. Uchafu mwingi unakula nguvu ya klore kabla haijafika kwa vijidudu. «Mwanamke mmoja anasema maji haya yanamwasha mikono. Unamjibu nini?» Anayejibu «Avumilie» bado hajafahamu. Anayejibu «Nitaangalia kama bido zimegeuzwa» amefahamu kabisa.

Katika maswali haya jihadharini na swali la kukana. Kwa Kiswahili, ukiuliza «Hukutia dawa?», naye hakutia, atajibu «Ndiyo», maana yake ni kweli, sikutia. Mwuguzi aliyezoea Kifaransa anasikia «ndiyo» hiyo na kufikiri dawa imetiwa. Neno dogo, lakini sakafu nzima ya chumba cha wagonjwa imo ndani yake. Ulizeni: «Umetia vijiko vingapi?» Swali linalojibiwa kwa ndiyo au siyo halimwonyeshi mtu anachofahamu, hata likiulizwa kwa Kiswahili safi.

Tuseme neno juu ya mkalimani. Kijana wa Watsa anaelezwa kwa Lingala na mmoja wa wauzaji wa sokoni. Padri anasema maneno mengi, mkalimani anasema machache, kijana anaitikia. Kuna nini kati yao? Mkalimani asiye mzoefu hufupisha, na huacha hasa lile ambalo yeye mwenyewe hakulifahamu. Basi afundishwe yeye kwanza, afanye kazi kwa mikono yake kama wengine, ndipo atafsiri. Na asemewe tendo moja moja, si hotuba. Katika nchi iliyoumizwa na vita, angalieni pia kama mfanyakazi anamwamini yule mnayemletea. Mtu anaweza kuitikia yote ili maongezi yaishe upesi.

Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa lugha ya mgeni. Mwaka 2019, wakati wa Ebola, shirika moja la watafsiri lilichunguza habari hii Beni na Goma, na kuona kwamba maandishi mengi ya kufundishia watu yalikuwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha pwani, na watu wengi hawakuyafahamu sawasawa. Walihitaji Kiswahili wanachosema wenyewe. Tusishangae. Sisi wenyewe tuliosoma seminarini tunapenda Kiswahili cha vitabu, na tunaona haya kuandika kama watu wanavyosema. Juu ya mimbari mchague wenyewe, lakini juu ya bido ya klore andikeni kama watu wanavyosema.

Baki la karatasi ya ukutani. Je, picha hazitoshi kwa wasiosoma? Zinasaidia kumkumbusha aliyekwisha fundishwa. Kumfundisha asiyejua ni kazi nyingine. Picha nazo zina kusoma kwake. Picha nne zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia zinafuatana kwa mtu aliyezoea vitabu tu. Asiyezoea anaweza kuanza katikati, penye picha kubwa. Msalaba mwekundu juu ya kopo unasema «usifanye» kwa aliyefundishwa alama hiyo. Mwingine anaona kopo na miti miwili. Kwa hiyo kabla ya kubandika picha, mwonyeshe mama wa usafi bila kueleza, umwulize: «Unaona nini hapa?» Kama anaona kitu kingine, karatasi ibadilishwe. Padri wetu aliishia kuchora mkono mmoja mkubwa juu ya bido ya mikono, na ufagio juu ya ile nyingine, akafunga kitambaa chekundu katika shikio la bido ya ufagio. Rangi hiyo haitumiki tena kwa kitu kingine chochote katika dispanseri, hata ndoo ya takataka, kwa maana rangi inayosema mambo mawili imekuwa bubu.

Hatua ya nne ni kurudi. Anayefahamu leo jioni anaweza kusahau Jumatano, na kazi ya kila siku inapungua polepole, kama kamba inavyolegea bila mtu kuigusa. Kwa juma la kwanza padri au mwuguzi apite kila asubuhi, bila kutangaza saa. Haulizi «Mmefanya?» Anatazama. Unga wa pipa umeshuka kadiri gani? Vijiko kumi na kimoja kila siku ni karibu gramu 165, basi kilo moja inamalizika kwa siku sita hivi. Kama baada ya siku kumi bado ipo, kuna anayehesabu vibaya au kuna siku zilizorukwa. Mikono ya sentineli imepasuka? Kuna karatasi ndogo za kupima klore kwa rangi, na zile za nguvu kubwa zinafaa sana hapa. Zile za kupimia maji ya kunywa hazifai, maana zinafika mwisho wa rangi yake mara moja kwa bido zote mbili. Harufu haipimi lolote: bido dhaifu na bido kali zote zinanuka.

Baada ya juma la kwanza anapita mara mbili kwa juma, kisha mara moja, lakini haachi kabisa. Na kitu chochote kinapobadilika, mafundisho yanaanza upya kwa kile kilichobadilika. Pipa jipya linaweza kuwa si la 70 kwa mia. Pipa lililoachwa wazi linavuta maji ya hewani na kupoteza nguvu. Kijiko kinapotea, mtu mwema analeta kijiko kidogo cha chai kutoka nyumbani, anahesabu kumi kwa uaminifu kamili, na maji yanatoka na theluthi moja tu ya nguvu yake. Hapo hata maswali yetu matatu mazuri hayaoni kosa, kwa sababu mfanyakazi anafahamu kila kitu. Kilichogeuka ni kijiko. Ni karatasi ya kupima tu, au jicho linaloangalia ndani ya pipa, litakaloliona.

Tuseme mwezi umepita. Kijana wa Watsa amerudi kwao, na binti mmoja ameingia mahali pake. Padri anakuja asubuhi kumfundisha, anakuta mama wa usafi amekwisha anza. Anamwonyesha binti kisu cha mti, anasawazisha, anahesabu kwa vidole, anamwachia kijiko na kukaa kimya. Kisha anamwambia kwa Kilendu neno ambalo padri hakumfundisha, na mwuguzi anamtafsiria: bido ziwekwe upande wa ukuta unaopata kivuli asubuhi, kwa sababu ameona kwamba ile inayosimama juani, ikifika jioni, haimsafishii kitambaa kama nyingine. Mwuguzi anafungua kitabu chake. Ni kweli, jua linavunja klore. Maneno hayo yalikuwamo tangu mwanzo, ukurasa wa pili, kwa Kifaransa.